Shajara ya mradi: kutoka aya moja hadi hatua zenye namba (ukurasa wa kubadilisha gurudumu)

Ingizo la 1: aya tuliyoanza nayo

Ukurasa huu ni wa kijitabu kinachokaa ndani ya gari. Atakayeusoma hajaketi. Amesimama kando ya barabara, karatasi mkono mmoja na spana mkono wa pili. Atasoma kidogo, atainama kufanya, kisha atarudi kwenye karatasi kutafuta alipoishia. Katika aya, kurudi huko ndiko kunakomponza: jicho linaangukia sentensi jirani, na kitendo kimoja kinarukwa bila yeye kujua.

Aya yenyewe tumeiacha kama ilivyo ili kila badiliko lipimwe dhidi yake:

> Gurudumu likipata pancha, simamisha gari mahali tambarare na ukawashe taa za hatari, kisha abiria washuke. Inua gari kwa jeki baada ya kulegeza nati kwa nusu mzunguko, ukiwa umekwisha kuweka kabari kwenye gurudumu lililo mkabala na kuvuta breki ya mkono. Nati zikishatolewa, gurudumu huondolewa na la akiba kuwekwa mahali pake, nati zikikazwa kwa mkono kabla ya gari kushushwa na kukazwa kikamilifu kwa mpangilio wa nyota. Hakikisha jeki imekaa mahali palipoimarishwa chini ya gari. Usiingie chini ya gari likiwa juu ya jeki. Kama ni gurudumu dogo la muda, usizidi kilomita 80 kwa saa.

Hakuna uongo ndani yake, na fundi akiisoma ataitikia kwa kichwa. Shida ni kwamba fundi haihitaji.

Ingizo la 2: kuchuja vitenzi

Kabla ya kuandika hatua hata moja, kila kitenzi kimepigiwa mstari. Amri za wazi ni tatu tu: simamisha, inua, hakikisha. Mtu akizifuata hizo peke yake atainua gari ambalo nati zake hazijaguswa. Vitendo vingine vimejificha ndani ya maumbo yasiyofanana na amri, na ndiyo maana kuikata aya kila penye nukta hakutoi hatua. Kunatoa aya fupi fupi.

Maficho yaliyopatikana ni haya. La kwanza ni kitenzi-jina kinachofuata "baada ya" au "kabla ya": kulegeza, kushushwa. La pili ni kutendwa: nati zikishatolewa, gurudumu huondolewa. Hapo mtendaji ametoweka, na msomaji anaweza kudhani kwamba jambo hutokea lenyewe au ni kazi ya mtu mwingine. La tatu ni -ki- na "ukiwa umekwisha", vinavyodokeza kitendo kana kwamba tayari kimefanyika. La nne ni "na" inayobeba kitendo cha pili mgongoni mwa cha kwanza, kama "na kuvuta breki ya mkono", ambayo imewekwa mwishoni mwa sentensi ilhali ni miongoni mwa mambo ya awali kabisa.

Kila kilichopatikana kimegeuzwa kuwa amri ya umoja yenye kitu kinachotendwa: legeza nati, weka kabari, vuta breki. Aya ya sentensi sita imetoa vitendo kumi na vinne, ukihesabu jeki iliyofunikwa na neno "hakikisha", pamoja na makatazo mawili.

"Na" moja imetusimamisha zaidi ya nyingine zote: "kabla ya gari kushushwa na kukazwa kikamilifu". Kisarufi sentensi inasomeka kwa njia mbili. Nati zikazwe kikamilifu baada ya gari kushuka, au "kukazwa" nako kunatawaliwa na "kabla ya", kana kwamba kinachokazwa ni gari. Anayejua kazi hataona utata wowote. Asiyejua ataanza kuvuta spana kwa nguvu zote gari likiwa bado juu ya jeki, na hilo ndilo hasa linaloweza kuliangusha. Utata wa namna hii hauondolewi kwa kusoma sentensi mara ya pili. Huondolewa kwa kumuuliza anayeijua kazi, kisha kuandika jibu lake kama hatua mbili zenye namba mbili.

Ingizo la 3: kupanga kwa mfuatano wa mikono

Vitendo vimeandikwa kwenye vipande vya karatasi, kimoja kimoja, na kupangwa mezani. Swali kwa kila kipande ni moja: nini lazima kiwe kimekwisha kabla hiki hakijaanza? Aya ilitaja kuinua kabla ya kulegeza, na kulegeza kabla ya kabari na breki. Mikono inataka kinyume chake kabisa: breki, kabari, kulegeza, jeki, kuinua.

Sababu ya kulegeza nati gurudumu likiwa chini inafaa ijulikane na mwandishi, hata kama haitaingia ukurasani. Tairi linapogusa ardhi, msuguano hulizuia lisizunguke, kwa hiyo nguvu yote ya spana inaishia kwenye nati. Likiwa hewani, gurudumu linaweza kuzunguka na spana, na mtu anapolisukuma kwa mwili wake analitikisa gari lililosimama juu ya kipande chembamba cha chuma. Mwandishi anayejua hivyo hatathubutu kubadilisha nafasi ya hatua hii eti ukurasa upendeze.

Kupanga kumefichua pia mapengo. Hakuna mahali aya inaposema gurudumu la akiba litolewe kwenye buti. Haitaji kifuniko cha gurudumu, ambacho kwenye magari mengi huziba nati. Haisemi jeki iondolewe wala kabari itolewe. Mapengo haya hayaonekani katika aya kwa sababu sentensi inatiririka. Kwenye vipande vya karatasi yanajitokeza mara moja, kwa kuwa kuna kitu mkononi ambacho hakijulikani kimefikaje hapo.

Neno "mkabala" nalo limeondolewa. Lingeweza kuwa gurudumu la upande wa pili kwenye ekseli ileile, ambalo huenda nalo likapungukiwa uzito gari likiinuliwa. Kinachotakiwa ni gurudumu la kona ya mshazari: pancha ikiwa mbele kushoto, kabari inawekwa nyuma kulia. Mfano huo wa kushoto na kulia umeingizwa ndani ya hatua yenyewe.

Ingizo la 4: kitendo kimoja ni kipi?

Hapa ndipo mabishano yalipokuwa mengi. Ukisema "kitenzi kimoja, hatua moja" utaishia na upuuzi: shika spana, inua spana, ivalishe kwenye nati, sukuma. Msomaji ataacha kusoma, na akiacha hatarudi.

Kipimo tulichokubaliana kina maswali mawili. Je, mtu anaweza kumaliza la kwanza, akaachia, akasahau la pili, na hatari au hasara ikatokea? Je, kuna kitu cha kutazama katikati ya hayo mawili kabla ya kuendelea? Jibu likiwa ndiyo kwa lolote kati yake, tunatenganisha. La sivyo, tunaviacha pamoja.

Kwa kipimo hicho, "ivalishe spana na uisukume" ni hatua moja, kwani spana iliyovalishwa bila kusukumwa haimdhuru mtu na hakuna cha kukagua. Lakini "weka jeki na uinue gari" ni hatua tatu: kuweka, kuipandisha hadi iguse gari, na kuinua. Katikati pana ukaguzi, nao ndio unaoamua kama gari litabaki juu.

Kitendo kinachorudiwa kwenye vitu vinavyofanana hakihitaji namba tano kwa sababu nati ni tano. "Legeza kila nati" kinatosha, maadamu mpangilio hauna maana. Mpangilio ukiwa na maana, kama wakati wa kukaza, hatua moja haitoshi tena, na tumelirudia suala hilo kwenye ingizo la 7.

Kuna pia vitendo viwili ambavyo ni kosa kuvitenganisha. Baadhi ya magari hayana vyuma vyenye nyuzi vilivyotokeza kwenye kitovu. Gurudumu hufungwa kwa boliti zinazopita kwenye rimu na kuingia kitovuni. Hapo gurudumu la akiba halina pa kuning'inia. Ukiandika "Weka gurudumu mahali pake" kama hatua moja na "Ingiza boliti ya kwanza" kama nyingine, unamwambia msomaji aliachie lianguke miguuni. Kwa magari hayo hatua inabaki moja: "Shikilia gurudumu matundu yakiwa yamelingana, huku ukizungusha boliti ya kwanza." Neno "huku" tumelipiga marufuku kwingine kote, ila hapa limekaa mahali pake, maana mikono miwili kweli inafanya kazi mbili kwa pamoja.

Ingizo la 5: masharti, makatazo na "hakikisha"

Sharti linatangulia kitendo, daima. "Kibandue kifuniko cha gurudumu, kama kipo" humfanya msomaji aanze kutafuta kitu ambacho huenda hakipo. "Kama gurudumu lina kifuniko, kibandue" humruhusu kuivuka hatua kabla hajainama.

Sharti linalobadilisha mfuatano halitoshei katika sentensi moja. Gia ni mfano mzuri. Kwenye gari la otomatiki, mtu huweka P kisha huzima injini. Kwenye gari la gia za mkono, huzima injini kisha huingiza gia ya kwanza. Kuandika "ingiza gia na uzime injini" kwa wote ni kumwandikia mmoja na kumpoteza mwingine. Hatua ya 3 kwa hiyo ina matawi mawili, kila moja likiwa na vitendo vyake viwili chini yake, na jina la tawi limetangulia kwa herufi nzito ili jicho lichague upande kabla ya kusoma.

Katazo si hatua, kwa hiyo halipewi namba. Lakini mahali lilipo ni muhimu kuliko maneno yake. Aya ilisema "usiingie chini ya gari" baada ya gurudumu kubadilishwa na nati kukazwa, wakati msomaji anayefuata neno kwa neno alishapita kwenye hatari. Tumelihamishia juu ya hatua ya kuinua. Kasi ya kilomita 80 kwa saa, ambayo huandikwa kwenye magurudumu mengi madogo ya muda, haihusu mikono kabisa. Imetoka kwenye orodha na kuwekwa chini yake, penye kichwa "Kabla ya kuondoka".

Kuhusu "hakikisha": neno hili hujifanya amri ilhali halisemi mtu afanye nini. Hakikisha kwa jicho, kwa mkono, au kwa kuuliza? Kila lilipotokea tumeweka kitendo cha kukagua, alama inayotakiwa kuonekana, na la kufanya alama isipoonekana. Sentensi zinazidi kuwa nyingi, lakini sasa mtu anajua lini amemaliza.

Ingizo la 6: rasimu ya sehemu ya kati

Hatua 1 hadi 7 ni za kutuliza gari: kusimama, breki, gia na injini, taa za hatari, abiria, vifaa, kabari. Sehemu iliyotutoa jasho inaanzia ya 8:

8. Kama gurudumu lina kifuniko, kibandue.
9. Legeza kila nati kwa nusu mzunguko, kinyume cha mwendo wa saa. Usiitoe.
10. Weka jeki chini ya sehemu iliyoimarishwa iliyo karibu zaidi na gurudumu lenye pancha. Tazama mchoro.
11. Pandisha jeki hadi kichwa chake kiguse gari.
12. Tazama jeki kutoka pembeni. Inatakiwa iwe wima na kitako chake kilale chote ardhini. Ikiwa imeinama, ishushe na urudi hatua ya 10.

    TAHADHARI: Kuanzia hapa, usiingize sehemu yoyote ya mwili chini ya gari.

13. Inua gari hadi tairi liachane na ardhi.
14. Toa nati zote.
15. Vuta gurudumu hadi litoke.
16. Lilaze chini, mbali na jeki.
17. Pachika gurudumu la akiba.
18. Rudisha nati zote na uzikaze kwa mkono, upande uliochongoka ukielekea rimu.
19. Shusha gari hadi tairi libebe uzito wake.
20. Ondoa jeki.
21. Kaza nati kwa mpangilio wa nyota.

"Usiitoe" katika hatua ya 9 ni katazo, lakini limebaki ndani ya hatua kwa sababu linaeleza kikomo cha kitendo chenyewe: pa kuishia. Katazo linalohusu hatua nyingi huwekwa nje ya hatua. Linalohusu kitendo kimoja hukaa nacho.

Ingizo la 7: jaribio la msomaji na mtendaji

Njia ya kupima ni rahisi na haina huruma. Mtu mmoja anasoma hatua kwa sauti, mara moja tu. Wa pili, ambaye hajawahi kubadilisha gurudumu, anafanya kile tu alichosikia. Mwandishi anasimama kando na haruhusiwi kusema neno, isipokuwa kuzuia hatari. Anaandika kila mahali mtendaji anaposita, anapouliza, au anapofanya jambo lisiloandikwa. Kusita kuna thamani kuliko kukosea, kwa sababu kunaonyesha hatua ambayo watu wengine watakosea.

Hatua ya 13 imeanguka. Tairi liliachana na ardhi, mtendaji akasimama hapohapo kama alivyoambiwa, na gurudumu la akiba halikuingia. Tairi lililojaa upepo linahitaji nafasi kubwa chini yake kuliko lililolegea. Kikomo sahihi si tairi la zamani bali lijalo. Imeandikwa upya: "Inua gari hadi kuwe na nafasi ya sentimita 5 hivi chini ya tairi." Jeki ikiwa imefika kikomo chake kabla ya hapo, mahali au ardhi haifai, na hilo limepewa sentensi yake.

Hatua ya 18 imeonyesha kwamba "kurudisha" na "kukaza kwa mkono" ni vitendo viwili kwa mtu mgeni. Aliikaza sana nati ya kwanza kabla ya kuzirudisha nyingine, gurudumu likakaa upande, na nati ya mwisho ikakataa kushika nyuzi. Kwa kipimo cha ingizo la 4 tungeliona hilo mezani: kuna cha kutazama katikati, yaani kama gurudumu limekaa sawa kwenye kitovu. Sasa ni tatu: zungusha kila nati hadi ishike, sukuma gurudumu likae bapa dhidi ya kitovu, kaza kila nati kwa vidole hadi igome.

Hatua ya 21 ndiyo iliyobadilika zaidi. "Mpangilio wa nyota" ni maneno ya watu wa gereji. Mtendaji alizunguka duara, nati baada ya nati, na kila moja aliikaza hadi mwisho. Kukaza hivyo hulivuta gurudumu upande mmoja, na nati za mwanzo hulegea baadaye gurudumu linapojisawazisha. Nati sasa zimepewa namba kwenye mchoro, 1 hadi 5 kuzunguka duara, na hatua zinasema hivi: kaza nati kwa nguvu ya wastani kwa mfuatano 1, 3, 5, 2, 4, kisha rudia mfuatano uleule hadi kipimo kamili. Gari lenye nati nne lina mfuatano wake, 1, 3, 2, 4, na mchoro wake. Kipimo kamili kinatofautiana kati ya gari na gari, kwa hiyo ukurasa umeacha nafasi ya tarakimu ya Nyutoni-mita kutoka kitabu cha gari husika. Kuandika "kaza sana" mahali pa tarakimu ni kumwachia msomaji aamue kwa misuli yake.

Ingizo la 8: namba zenyewe

Kugawanya hatua ya 18 na ya 21 kumesukuma kila namba iliyofuata. Hatua inayosema "rudi hatua ya 10" imesalimika kwa bahati. Ingekuwa inaelekeza mbele, ingeonyesha mahali pasipo. Hadi rasimu itulie, marejeo yote yameandikwa kwa jina la kitendo, "rudi kwenye kuweka jeki", na namba itawekwa mwishoni kabisa. Vichwa vidogo vinaigawa orodha katika sehemu nne, kutuliza, kuinua, kubadilisha na kukaza, lakini namba zinaendelea moja kwa moja. Zikianza upya kila sehemu, kutakuwa na hatua nne zinazoitwa 2, na anayesaidiwa kwa simu hatajua ni ipi.

Faili imeandikwa kwa Markdown, ambapo kila hatua inaweza kuanza na `1.` na programu ikahesabu yenyewe. Tahadhari iliyo kati ya hatua ndiyo huvuruga. Isiposogezwa ndani, inaikata orodha, na hatua inayofuata inaanza tena na moja. Nafasi tatu mbele yake zinatosha kuiweka chini ya hatua iliyotangulia:

```
1. Tazama jeki kutoka pembeni.

   **TAHADHARI:** Usiingie chini ya gari.

1. Inua gari.
```

Vichwa vidogo haviwezi kusogezwa hivyo bila kuharibu sura ya ukurasa. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kila sehemu imeandikiwa namba yake halisi kwa mkono, na zilizobaki zinahesabiwa. Namba hizo za mkono ni za kukaguliwa kila hatua inapoongezwa au kuondolewa.

Kilichobaki: mchoro wa sehemu iliyoimarishwa, ambao hatua ya 10 inautegemea kabisa, na jaribio lingine kwa gari la boliti, kwa kuwa ukurasa wake unatofautiana na huu kuanzia kwenye kupachika gurudumu hadi kukaza kwa vidole.